Dhamira Moja, Magunia Mangapi?

Kila Januari, ukipita makanisani kuanzia Lurambi hadi Khayega, utakuta bango jipya limetundikwa nyuma ya mimbari. Mwaka wa Urejesho. Mwaka wa Kuvuka. Mwaka wa Milango Wazi. Bango hilo hukaa hapo hadi Desemba, rangi ikififia taratibu, na sijawahi kusikia kanisa lililotenga Jumapili ya mwisho wa Machi au ya mwisho wa Juni ili waumini waulizane: tumerejeshewa nini hasa, na mlango upi umefunguka?

Siwakejeli wachungaji. Wametushinda wengi wetu kwa jambo moja kubwa: wamechagua kitu kimoja. Sisi wengine huandika maazimio tisa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Kuacha pombe, kuweka akiba, kumaliza nyumba, kusoma zaidi, kupunguza uzito, kununua ng'ombe wa maziwa, kumtembelea mama kila mwezi. Kufikia wiki ya pili ya Januari karo ya muhula wa kwanza imetumeza mzima mzima, kwa kuwa kwa ule mpango wa 50:30:20 ambao Wizara ya Elimu imekuwa ikiupendekeza kwa shule za upili, muhula huo peke yake hudai nusu ya karo ya mwaka. Maazimio tisa yakipigania pesa zilizobaki na jioni zilizobaki, hushinda lile lenye kelele nyingi siku hiyo. Lililo muhimu hukaa kimya likisubiri.

Kwa hiyo mimi ni wa kundi linaloamini dhamira moja ya mwaka. Lakini dhamira isiyokaguliwa ni bango tu, na ukaguzi ndipo wengi wetu tunapojidanganya.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua katika kanda hii hautoki Kenya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi nzima ikapewa jambo moja. Mwaka mmoja baadaye akalipunguza likawa dogo na kali zaidi: wilaya sita, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi, zilitakiwa ziwe zimefuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971. Baadaye lengo likapanuliwa kwa nchi yote, mwisho wake ukiwa 1975.

Watu husifu zile hotuba. Mimi nasifu mtihani. Agosti 1975 wanafunzi watu wazima walipimwa kote nchini, na matokeo yakapangwa kwa viwango. Aliyejiandikisha na kuhudhuria masomo alikuwa na ngazi yake, na aliyeweza kusoma gazeti na kuweka hesabu zake mwenyewe alikuwa na ngazi nyingine. Mahudhurio hayakuruhusiwa kuvaa kanzu ya ujuzi. Hesabu ilipotoka, wasiojua kusoma walikuwa bado 39%. Lengo la kufuta kabisa halikufikiwa, na takwimu hiyo ikatajwa hivyo hivyo. Lakini mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, kwa hiyo 39% ilikuwa habari mbaya na nzuri kwa pamoja. Ukaguzi wa kweli aghalabu huleta habari za namna hiyo, na ndiyo sababu hauna wapenzi wengi.

Tuyalete haya nyumbani. Tuchukue familia ya kubuni, ingawa majirani zangu watadhani nimewachungulia dirishani. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Shinyalu, mke anauza nguo sokoni, nyumba ina watu sita. Wana ekari moja: nusu ni mahindi na maharagwe, nusu nyingine ni napia, ndizi na boma. Wanasonga ugali kila siku na hutumia takriban gorogoro moja ya mahindi kwa siku. Gunia la kilo 90 lina karibu gorogoro 45, kwa hiyo mwaka mzima unawadai magunia 8.

Agosti ya mwaka jana walivuna magunia 7. Muhula wa tatu ulipokaribia, broka akaja na mizani yake, wakauza magunia 4, tuseme kwa shilingi 3,000 kila moja. Wakapata 12,000. Magunia 3 yaliyobaki yakaisha mwanzoni mwa Januari. Kuanzia hapo wakawa wanunuzi. Gorogoro 180 zile zile walizouza, hata wakizirudisha kwa bei ya wastani ya shilingi 110, zitawagharimu 19,800. Kwa maneno mengine, shamba lao lilimkopesha broka mahindi, kisha wao wakamlipa riba.

Mwaka huu wakaamua kwamba dhamira yao ni moja: Ghala. Hawakusema “kuvuna magunia 12” wala “kutonunua mahindi kabisa.” Hayo ni maazimio, na azimio likivunjika mara moja limekwisha. Ghala ni upande wa kuelekea. Kila uamuzi wa nyumbani, kutoka mbegu hadi mchango wa harusi, unaulizwa swali hilo hilo: hili linajaza ghala au linalitoboa?

Dhamira pana namna hii ina hatari yake: kwa ulimi mwepesi, karibu kila kitu kinaweza kusemwa kimeisaidia. Ukinunua pikipiki utasema itabeba mahindi. Ndiyo maana Januari hiyo hiyo, kabla tamaa haijaanza kuleta hoja, lazima kipimo kiandikwe. Kwao kilitosha kimoja, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kurasa 96: ghala litaisha tarehe gani? Hesabu gorogoro zilizomo, gawanya kwa matumizi ya siku, soma kalenda. Tarehe hiyo haijali mmetokwa na jasho kiasi gani.

Kisha robo za mwaka. Kalenda ya ukutani inakata mwaka vipande vinne, na kwa bahati nzuri Kakamega vipande hivyo vinakaribiana na shamba: Machi mvua ya masika inaanza, Juni mahindi yamesimama na jikoni kuna njaa, Septemba mavuno yamekwishaingia, Desemba wageni wanakuja. Lakini si kila dhamira inakubali kukatwa hivyo. Mkulima wa miwa kule Mumias husubiri takriban miezi 18 kabla ya kuvuna mara ya kwanza. Akijipa “mwaka wa miwa” atakagua robo nne za majani. Huyo achague jambo ambalo mwaka unaweza kulionyesha, labda madeni, au mahali anapopata chakula wakati miwa inakua.

Ukaguzi wa Machi ndio unaovunja watu moyo isivyostahili. Mwalimu na mkewe walikaa Jumapili jioni na kuandika: ghala liliisha mwanzoni mwa Januari. Sifuri. Mtu mwenye haraka angesema dhamira imeshindwa kabla ya kuanza. Ila sifuri ile ni ya mwaka uliopita, wameirithi tu. Robo ya kwanza unakagua kilichokwishaingia ardhini, na hapo maswali yalikuwa machache. Mbegu ya dukani kilo 5 kwa nusu ekari, imeingia. Mbegu ilipandwa mvua ilipoanza, si wiki tatu baadaye kwa kusubiri jembe la kuazima. Mbolea ya kupandia, kilo 25. Udongo haujapimwa.

Hilo la mwisho liliwauma. Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega una asidi, mvua nyingi imekuwa ikiuosha kwa vizazi, na DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huiongeza asidi hiyo. Chokaa ya kilimo husaidia, lakini inapaswa kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, ipate muda wa kufanya kazi. Machi mahindi yameshachipuka. Wangeweza kuandika “tutapima udongo karibuni” wakafunga daftari kwa amani. Wakaandika: “Tumechelewa. Ni jambo la Desemba.” Sentensi ya pili ina mwezi ndani yake, na hiyo ndiyo tofauti.

Robo ya pili ndiyo mtihani wenyewe. Mwisho wa Juni mahindi yamebeba, palizi ya pili imekwisha, mbolea ya kukuzia iliwekwa mimea ilipofika magotini, shamba linapendeza ukilitazama kutoka barabarani. Jikoni, mwaka wa Ghala, mama mwenye nyumba anatuma mtoto dukani akanunue gorogoro moja. Hapa ndipo daftari hupotea katika nyumba nyingi. Hakuna anayelitupa. Linawekwa juu ya kabati, na kila mtu anakubali bila kusema kwamba tutalitazama baada ya mavuno, tukiwa na kitu cha kujivunia.

Mke ndiye aliyelishusha.

“Baba watoto, leo tumenunua kwa mia na thelathini.”

“Hiyo tuiandike ya nini? Si tunajua mahindi ni ghali.”

“Agosti utakuwa umesahau.”

Katika ukaguzi wa mwaka mzima sijui tarakimu yenye thamani kuliko hiyo. Agosti, shamba likiwa limejaa na karo ikidaiwa, 3,000 kwa gunia husikika kama pesa nyingi. Ukiwa na daftari linalosema kwamba tarehe 28 Juni gorogoro ilikuwa 130, unajua kwamba gunia hilo hilo litakuja kukudai 5,850. Kumbukumbu ya mtu haishiki bei ya njaa akiwa ameshiba. Ukiruka robo ya Juni kwa aibu, umejinyima hoja pekee itakayokusaidia Agosti.

Kuna na tundu ambalo ghala haliwezi kulionyesha. Julai mahindi mabichi yanaanza kuchemshwa na kuchomwa. Watoto wanakata, mgeni anafungiwa mfukoni, mchuuzi anakuja kununua mistari miwili mitatu ikiwa bado shambani. Haya hayapiti mlango wa ghala, kwa hiyo hayahesabiwi, na Septemba watu hushangaa kwa nini mavuno ni madogo kuliko shamba lilivyoonekana. Ukaguzi wa Juni uliliona hilo mapema wakakubaliana: mistari minne kando ya njia ni ya kula mbichi, iliyobaki haiguswi. Sidhani sheria hiyo ilifuatwa kikamilifu. Lakini ilikuwepo, na mtoto aliyekata mhindi upande usio wake alijua amekosea.

Mavuno yalikuwa magunia 9. Yalianikwa juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, maana mvua ya Agosti hapa haina adabu na punje ikihifadhiwa na unyevu hupata ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Kwa asiye na kipima unyevu kuna njia ya chumvi: tia konzi ya punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya kama 15%, ingawa kwa kuweka miezi mingi ni salama kuendelea kuanika hadi karibu 13%. Baada ya hapo waliyatia kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo fukusi na dumuzi hufia ndani yake bila dawa, mradi mfuko usitobolewe na usifunguliwe kila siku. Ndiyo maana walitenga gunia moja la kula na kuyafunga mengine.

Ukaguzi wa Septemba, basi. Magunia yaliyovunwa: 9. Yaliyouzwa kwa ajili ya karo: 2. Nusu gunia lilikwenda kwa mama mkwe, nusu lilikwenda kwenye matanga ya jirani. Mwaka wa Ghala haukufuti ujirani, na mtu atakayetumia dhamira yake kama ngao ya kukwepa msiba wa jirani Kakamega atajikuta hana wa kumzika. Kinachobadilika ni kwamba nusu gunia lile liliandikwa. Zikabaki gorogoro 270 kuanzia mwisho wa Agosti. Tarehe ya ghala kuisha: mwisho wa Mei.

Mwalimu alitaka kuandika kwamba wamefaulu. Ghala la mwaka uliopita liliisha Januari, sasa Mei, ni hatua ya karibu miezi mitano. Mkewe alitaka iandikwe kwamba hawajafika, kwa sababu kati ya mwisho wa Mei na mavuno mapya bado kuna gorogoro 90, yaani magunia 2, yatakayotafutwa dukani katika miezi ile ile ya bei mbaya. Mimi nasema waandike yote mawili, katika mistari miwili tofauti, kama ilivyokuwa ile 39%. Mstari mmoja ukimeza mwingine, ukaguzi umegeuka hotuba.

Hapa ndipo nina ugomvi na namna tunavyokagua mambo ya umma pia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka serikali za kaunti kutoa ripoti kila robo ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Ni jambo jema. Lakini zisome, utaona swali linalobeba uzito ni kiasi gani cha bajeti kimetumika. Kutumia ni kuhudhuria darasa. Kwa familia yetu ingekuwa sawa na kuandika kwamba mbolea ilinunuliwa kwa 100% na kufunga daftari bila kufungua ghala.

Swali moja huulizwa sana: je, nikipata mgonjwa hospitalini katikati ya mwaka, bado nishikilie dhamira? Hapana, si lazima. Dhamira inaweza kuachwa. Ninachokataa ni kuachwa kimya kimya, au kuachwa siku ile ya hasira mtu akiwa kwenye foleni ya kulipa. Subiri ukaguzi unaofuata, ambao hauko mbali kupita wiki 13, kisha andika kwamba robo hii dhamira ni kumtibu mama, na ghala limesimamishwa. Ukiandika hivyo, Desemba hutajilaumu kwa ghala tupu, wala hutajisingizia kwamba ulijaribu.

Na nani ahesabu? Asihesabu aliyeuza. Katika nyumba hii, binti wa Gredi ya Saba ndiye aliyepewa kazi ya kuingia ghalani na kalamu, kwa kuwa hana broka wa kumlinda wala mama mkwe. Anarudi na tarakimu, wazazi wanaijadili. Vyama vya akina mama vimeijua siri hii miaka mingi: mweka hazina husoma kitabu mbele ya wote, na hakuna anayejisomea deni lake mwenyewe.

Ukaguzi wa Desemba ufanywe kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo mabasi ya Nairobi yanaanza kushusha watu, jogoo wanachinjwa, ngoma ya isukuti inasikika kutoka mlima hadi mlima, na hakuna atakayekaa na daftari. Wiki mbili za wageni zitapandisha matumizi kutoka gorogoro moja hadi mbili kwa siku. Hizo ni gorogoro 14 za ziada, na tarehe ya ghala inarudi kutoka mwisho wa Mei hadi katikati ya Mei. Iandikwe kabla hawajafika, kama gharama iliyokubaliwa, ili Januari pasitafutwe mtu wa kulaumiwa.

Mwalimu sasa anataka mwaka ujao uwe wa Udongo. Ana hoja: wakivuna magunia 11 kwenye nusu ekari ile ile, zile gorogoro 90 zinapatikana. Mkewe anataka Ghala tena, kwa kuwa tarehe bado ni Mei na si Agosti. Mimi niko upande wa mke. Udongo upimwe mwezi huu wa Desemba, chokaa inunuliwe Januari na kuchanganywa ardhini kufikia katikati ya Februari, na yote hayo yaingie chini ya dhamira ile ile, yakipimwa kwa tarehe ile ile. Mume amesema atafikiria. Chokaa, lakini, ameshauliza bei yake.